Kupika mayai kwenye mchanga wa moto, pale maji yanapokuwa ya kunywa tu

Mtu wa mjini ukimwambia mayai yanapikwa kwenye mchanga anakuangalia kama umechanganyikiwa, wakati huyohuyo kila jioni ananunua karanga zilizokaangwa kwenye mchanga na anakula hadi anamaliza kifuko. Ni kitu kilekile, tofauti ni kwamba karanga ukizikosea zinaungua, yai ukilikosea linakulipukia usoni. Kwaiyo hapa nitaelezea njia moja tu kwa undani, ya mchanga ndani ya chombo juu ya makaa, na za foili na jivu nitazigusa mwishoni kwa wale ambao hawana chombo.

Mi hii kitu nimejifunzia porini upande wa Sikonge, tukienda kurina asali na mjomba. Mwezi wa sita au wa saba, mvua zimeshakata, vijito vyote vimebaki mchanga mtupu, maji tunabeba kwa baiskeli, madumu mawili ya lita ishirini kwa watu wanne siku mbili. Hapo hamna mtu atakuruhusu uchukue lita mbili eti unachemsha mayai. Utasema maji si yanabaki unaweza kutumia tena, yanabaki ndio, ila yai la kienyeji lina kinyesi cha kuku, hayo maji unayafanyia nini, uji? Sasa mchanga umejaa kila mahali, kuni za mninga na mtundu zimeanguka zenyewe, makaa yapo. Ndio maana njia hii ipo, sio mbwembwe za kupiga picha.

Safari ya kwanza sikujua. Nilikuwa na njaa, mjomba yuko bado juu ya mti anahangaika na mzinga, nikachukua mayai matatu nikayaweka moja kwa moja kwenye makaa mekundu kama mtu anachoma mahindi. La kwanza likatoa kijasho kidogo kwenye ganda, kama povu hivi, nikasema linaiva. Dakika haikupita nikasikia paaa, jivu lote usoni, kipande cha ganda kimenikwaruza chini ya jicho. Mjomba kule juu akacheka mpaka nikaogopa ataanguka. Aliposhuka akaniambia, "Mjomba, yai ni maji yamefungwa kwenye chupa, wewe unaiweka chupa motoni na kizibo hujafungua." Hiyo sentensi ndio msingi wa kila kitu nitakachoandika hapa chini.

Yai sehemu tatu kati ya nne ni maji. Ute mweupe unaanza kuganda kwenye digrii 62 hivi, kiini kinakuwa kigumu ukivuka 70, kwaiyo yai halihitaji moto mkali kabisa, linahitaji joto la kiasi litakalofika mpaka katikati. Ukilichemsha, maji yenyewe yanakulinda, hayawezi kupita digrii 100 hata uwashe moto wa namna gani (huku Tabora tupo juu ya mita elfu moja mia mbili kwaiyo yanachemka hata kabla ya 100, kwenye 96). Mchanga hauna hiyo breki. Mchanga unaweza kufika 200, 300, na kuendelea, na ukiuangalia kwa macho uko vilevile, hautoi mvuke, haubadiliki rangi. Yai likikaa kwenye joto hilo, ute wa karibu na ganda unafika kuchemka wakati katikati bado kubichi, mvuke unatafuta pa kutokea, ganda lina vitundu vidogovidogo vingi lakini havitoshi kwa mvuke wa ghafla, linapasuka. Kwaiyo kazi yako nzima kwenye mapishi haya ni kujua mchanga wako una joto gani KABLA hujaweka yai. Mengine ni madogo.

Tuanze na vifaa.

Chombo. Usitumie sufuria nyepesi ya aluminiamu, hasa hizi ambazo kitako ni chembamba. Watu wengi hapa wanakosea kwa sababu wamezoea sufuria hiyohiyo inapika maharage masaa matatu na haina shida. Haina shida kwa sababu ndani kuna maji yanapoza kitako. Ukiweka mchanga mkavu hamna kinachopoza, na mkaa ukipepewa vizuri unaweza kuvuka digrii 660 ambazo aluminiamu inayeyuka. Nimeshaona sufuria ya mtu imeshuka tumbo kama kapu, kitako kimelegea na mchanga umeanza kumwagikia kwenye jiko. Tumia karai la chuma, au chungu cha udongo ambacho kimeshazoea moto. Chungu kina uzuri wake, joto linaingia taratibu na linatoka taratibu, ila usikiweke kikiwa cha baridi juu ya makaa makali, kitapasuka. Anza na moto mdogo ukiongeza.

Mchanga. Unataka mchanga mkavu, wa chembe kubwa kidogo, ule wa kwenye mkondo wa kijito kilichokauka, sio vumbi la njiani wala ule mwekundu wenye udongo. Udongo mlaini unashikana na ganda na una harufu ikiungua. Kama uko nyumbani uoshe kwenye ndoo, koroga mwaga, koroga mwaga, mpaka maji yatoke meupe, kisha uanike juani kwenye turubai siku nzima. Porini huna maji ya kuosha mchanga (ndio tatizo tulilokuja nalo), kwaiyo unachimba kidogo mkondoni, unatupa ule wa juu wenye majani na mavi ya ng'ombe, unachukua wa chini. Halafu chekecha, hata kwa wavu wa kuchujia asali ule wa matundu makubwa, au kwa vidole tu, utoe vijiwe na vijiti. Vijiwe vya mtoni vitoe bila huruma kwa sababu vingine vina unyevu ndani na vikipata moto vinaruka, na vijiti vinaungua vinakuachia moshi kwenye mayai.

Kiasi gani? Kwa mayai manane ya kienyeji mi natumia mchanga kama lita tatu, yani kopo la lita moja mara tatu, ni kama kilo tano hivi. Ukipunguza sana mchanga, mayai ya baridi yanaumeza joto lake lote na unajikuta dakika ishirini zimepita yai bado linacheza ndani. Ukizidisha, unachoma mkaa bure kuupasha.

Vingine ni mwiko mrefu wa mbao au kijiti kinene cha kukorogea, sindano au pini (mwiba wa mgunga unafanya kazi vizuri tu), kipande cha karatasi nyeupe ya daftari, kitambaa, na maji kidogo sana, kifuniko kimoja cha chupa kinatosha.

Sasa moto. Usipike kwenye miali. Washa kuni zako mapema, ziache ziungue mpaka ubaki na makaa mekundu yaliyoanza kuvaa jivu jeupe juu. Kama unatumia mkaa jikoni kwako ni hivyohivyo, subiri usiwe unalia-lia na kurusha cheche. Weka mafiga matatu yaliyosimama vizuri maana karai lenye mchanga ni zito na likipinduka unamwagia miguu kitu cha moto ambacho hakitiririki kama maji, kinang'ang'ania kwenye ndala na vidole. Hilo nalisema kwa wenye watoto, watoto wasikae karibu kabisa.

Bandika karai na mchanga wako, bila mayai. Mchanga haupitishi joto vizuri, ule wa chini unaweza kuwa unaunguza karatasi wakati wa juu umeweka mkono juu yake na unaona vuguvugu tu. Kwaiyo koroga kila baada ya dakika mbili tatu, toa chini peleka juu, kama unavyofanya na karanga. Kama mchanga ulikuwa na unyevu utaona mwanzoni unatoa kimvuke na unashikana kwenye mwiko, usiharakishe, mpaka maji yaishe hauwezi kupanda joto. Ukianza kusikia unatoa sauti nyepesi ya shaa-shaa unapokoroga, na unateleza kwenye mwiko kama mchele, ujue umekauka. Kwangu mchanga huu wa kilo tano unachukua nusu saa hivi mpaka uwe tayari, upepo ukiwa mkali inazidi.

Hapa ndio unapima, na hapa ndio pa kutulia. Vipimo viwili.

Cha kwanza ni tone la maji. Koroga, halafu dondosha tone moja katikati. Likilowesha na kukaa tu, bado. Likilia tsss na kupotea palepale, mchanga umeshapita digrii 100. Hiki kinakuambia mchanga umefika, lakini hakikuambii kama umepitiliza, kwa sababu tone litalia vilevile kwenye 130 na kwenye 300.

Cha pili ndio kinachookoa macho yako. Koroga tena vizuri, chukua kile kipande cha karatasi nyeupe, kichomeke mchangani katikati mpaka nusu kizame, hesabu mpaka sitini, chomoa. Karatasi inaanza kubadilika rangi kuanzia kwenye digrii 200 hivi. Ikitoka nyeupe kama ulivyoiweka, uko salama. Ikitoka ya njano njano au kahawia, mchanga ni wa moto mno, ondoa karai kwenye makaa, koroga koroga upoe, au ongeza mchanga wa baridi kopo moja, upime tena. Ikitoka nyeusi wewe ulikuwa unapika matofali.

Kwaiyo unataka sehemu ya katikati, tone linalia na karatasi haibadiliki. Mjomba hajui digrii hata moja lakini anapima hivyohivyo, ila yeye badala ya karatasi anatumia kipande cha jani kavu na anainusa. Mi nimejaribu kunusa, sijaweza, narudi kwenye daftari.

Wakati mchanga unapata moto ndio unaandaa mayai. Kwanza kagua. Yai lenye ufa wowote usiliweke, hata uwe mdogo kama unywele, kwa sababu ute utatoka na mchanga utaingia, utakula kokoto. Gonga mawili taratibu moja kwa lingine karibu na sikio, mzima analia kama kete, mwenye ufa anatoa sauti ya kufa. La wasiwasi kwa uzee, kama ungekuwa na maji ungeliweka kwenye bakuli, linaloelea ni la zamani sana kwa sababu kadri yai linavyokaa maji yanapungua ndani na ile nafasi ya hewa inakua. Sisi hiyo tunafanya nyumbani kabla ya kuondoka, halafu tunayapanga kwenye ndoo yenye pumba za mpunga, baiskeli inaruka mashimo yote ya Sikonge na tunafika na yai moja tu limevunjika, au halijavunjika hata moja.

Usiyatoe kwenye baridi moja kwa moja kuyatia kwenye mchanga. Asubuhi za mwezi wa saba huku ni baridi kweli, yai linakuwa kama jiwe la mtoni, ukilitumbukiza ghafla kwenye joto ganda linapasuka hata kama mchanga wako ni sawasawa. Yaweke karibu na moto, sio kwenye moto, dakika kumi, ukiwa unayageuza, mpaka ukishika mkononi usihisi ubaridi.

Halafu toboa. Kila yai lina kitako, ule upande mnene, na ndani ya kitako ndio kuna kile kifuko cha hewa. Hewa ikipata moto inatanuka, ndio kizibo alichosema mjomba. Shika yai kwenye kiganja, weka ncha ya sindano katikati ya kitako, zungusha huku ukisukuma kidogo kidogo, usichome kwa nguvu. Utahisi imepita, tayari, tundu la ukubwa wa ncha tu. Usiende ndani ukatoboa ute. Watu huwa wanauliza mchanga si utaingia, hauingii, chembe ni kubwa kuliko tundu, ndio sababu nyingine ya kutotaka mchanga wa vumbi.

Sasa kutia. Toa karai kwenye makaa kwanza, liweke chini kwenye mafiga ya pembeni, maana huwezi kupanga mayai huku mikono inaungua. Kwa mwiko sogeza mchanga pembeni, uache wa unene wa vidole vitatu chini. Panga mayai kitako kikiangalia juu, ili hewa itoke na ute usivuje kwenye tundu. Yai lisiguse chuma, si chini si pembeni, na yasigusane, acha kidole kimoja kati ya yai na yai. Halafu rudisha mchanga juu uyafunike kabisa, unene wa vidole viwili. Usishindilie. Funika na kifuniko au sahani ya bati.

Rudisha karai motoni, lakini sio moto uleule. Sogeza makaa mengi pembeni, acha machache chini, kiasi cha kufidia joto ambalo mayai yamelinyonya. Hapa watu wanaharibu, wanaongeza mkaa wakidhani yataiva haraka, mchanga wa chini unapanda peke yake maana huwezi kukoroga tena, na mayai yanapasuka upande wa chini wakati juu bado ni mabichi. Kazi ya moto ilishaisha kwenye kupasha mchanga, sasa hivi mchanga ndio unapika.

Muda. Kwa yai la kienyeji, hizi ndogo za gramu arobaini na kitu, mi nahesabu dakika kumi na tano kama nataka kiini laini kidogo katikati, dakika ishirini kama nataka kigumu. Mayai ya kisasa ya trei ni makubwa, ongeza dakika tatu mpaka tano. Mchanga unapeleka joto polepole kuliko maji kwaiyo usilinganishe na zile dakika nane za kuchemsha. Na kwa sababu kila mchanga na kila jiko ni tofauti, weka yai moja la kupimia pembeni palipo rahisi kufika, dakika kumi na tano zikiisha lifukue, lifute, lizungushe juu ya sahani. Lililoiva linazunguka kwa kasi kama pia, bichi linayumba na kusimama kwa sababu ndani bado kunacheza. Ukiligusa lisimame halafu ukaachia na likaanza tena lenyewe, rudisha, bado.

Nikupe mfano wa mara ya mwisho tulivyofanya, ili uone inavyokuwa. Ilikuwa jioni, mayai manane ya kienyeji, karai la chuma, mchanga makopo matatu kutoka kwenye mkondo. Mchanga tulibandika saa kumi na mbili kasoro, ulikuwa na unyevu kwaiyo dakika kumi za mwanzo ni mvuke tu. Saa kumi na mbili na dakika ishirini tone likalia. Nikachomeka karatasi, ikatoka na ukingo wa kahawia upande wa chini, nyeupe juu, maana yake sikukoroga vizuri, chini kumepitiliza. Tukaondoa karai, tukakoroga dakika nne hivi, karatasi ya pili ikatoka nyeupe, tone bado linalia. Tukapanga mayai, tukafunika, makaa tukabakiza kama viganja viwili. Nikaweka taima kwenye simu dakika kumi na tano. La kupimia likazunguka lakini lilikuwa linayumba kidogo mwishoni, tukaacha dakika nne zaidi. Kwenye manane, saba yalitoka safi, moja lilikuwa limepata ufa na ute umetoka kidogo ukaganda na mchanga kama chapati ya kokoto. Nilipoliangalia tundu lake nikakuta sikulitoboa mpaka ndani, nilikwaruza ganda tu.

Kutoa na kumenya ni hatua ambayo inaonekana ndogo ila ndio inayoamua kama utakula yai au utatafuna mchanga. Fukua kwa mwiko, usiingize mkono, toa moja moja uweke kwenye kitambaa. Yaache yapoe dakika tano kumi, yanaendelea kuiva ndani kidogo kwaiyo hilo lihesabu. Kisha futa kila yai kwa kitambaa kikavu mpaka ganda liwe safi kabisa, pamoja na kile kitako, ndipo ugonge. Ukigonga yai lenye vumbi, chembe zinaingia na vipande vya ganda na hazitoki tena. Anza kumenya kwenye kitako pale penye nafasi ya hewa, ngozi ya ndani inashikika kirahisi. Yai lililotagwa jana linamenyeka vibaya, linatoka na vipande vya ute, la wiki moja linatoka kama limevua shati. Hiyo sio kosa la mchanga, hata la kuchemsha liko hivyo.

Ukimenya utajua ulivyopika. Ute mweupe umetulia, mkavu kidogo kuliko wa kuchemsha, na una harufu ya kuchoma kwa mbali, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukikuta doa la kahawia upande mmoja, hapo yai liligusa karai au lilikaribia sana chini, unaweza kula, ni kama ukoko. Kiini kikiwa na duara la kijani-kijivu, umelipitisha muda, madini ya chuma ya kwenye kiini yamekutana na salfa ya kwenye ute, halina madhara ila linakuwa kavu linakwama kooni. Ute ukiwa bado unang'aa kama kamasi, rudisha mengine mchangani. Na lile ambalo limeshavunjwa huliweki mchangani tena, ulile hivyohivyo kijasiri au umpe mbwa.

Chumvi ya Uvinza, pilipili kichaa iliyopondwa, kama mmebeba nyanya na kitunguu mnafanya kachumbari. Sisi kambini tunakula na viazi vitamu vilivyochimbiwa kwenye jivu la moto uleule. Mjomba anakula lake na asali, mi bado sijafika huko. Yale yatakayobaki msiyaweke mpaka mchana wa kesho, ganda lina tundu ulilolitoboa mwenyewe, na hamna friji porini, kwaiyo pika mnayoyamaliza.

Kama huna chombo kabisa, foili. Kitu cha kwanza kujua ni kwamba foili haizuii yai kupasuka, inalizuia tu lisiguse kaa moja kwa moja na yai likipasuka inakukingia vipande. Kwaiyo toboa vilevile. Lowesha karatasi au jani la mgomba kidogo tu, zungushia yai, halafu foili mara mbili juu yake. Ule unyevu unafanya kazi ya ile breki, hapo karibu na ganda joto halipandi sana mpaka ukauke. Usiweke juu ya makaa mekundu, sukuma makaa pembeni, chimba kwenye jivu la moto, funika na jivu, geuza kila dakika tano, kama robo saa hivi. Kwa jivu bila foili ni hivyohivyo, ila badala ya foili unalipaka yai udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, unene wa kidole kidogo, unalizika kwenye jivu. Udongo ukikauka na kuanza kupasuka nyufa, lipo karibu. Linaiva, lakini kwa kweli unapika kwa kubahatisha, jivu huwezi kulipima kwa karatasi kwa sababu sehemu moja ni ya moto sehemu nyingine imepoa.

Kuhusu kuzima, huku kwetu kiangazi majani ya miombo yamekauka yote na upepo wa saa nne asubuhi haukawii. Usiumwage ule mchanga wa moto juu ya makaa ukadhani umezima, mchanga ukifunika makaa unayatunza, yatakaa na moto mpaka usiku na juu hayaonekani, mtu anapita na ndala anakanyaga. Tawanya makaa kwanza, yachanganye na udongo wa baridi kwa jembe au kijiti, geuza, changanya tena, nyunyizia maji yale mliyobakiza ya kunawia, halafu pitisha mgongo wa mkono juu karibu kabisa. Ukihisi joto lolote, changanya tena. Mchanga wenyewe uache kwenye karai mpaka upoe kabisa, inachukua saa moja na zaidi, kisha utie kwenye kiroba. Kesho yake hauna unyevu tena kwaiyo unapata moto haraka, na sisi tukirudi nyumbani mke wa mjomba anauchukua kukaangia karanga.